Kuomba kutajwa bila kulia njaa

Tuseme unaosha makochi Tabata. Wiki imelala, simu haiiti, na vidole vinawasha kuandika: "Jamani naombeni kazi, hali ngumu." Utapewa pole nyingi, na pole haioshi kochi. Kibaya zaidi, msomaji hajui akutaje kwa nani.

Jaribu hivi: "Jumamosi nina nafasi mbili za kuosha makochi, Tabata na Segerea. Nikiosha asubuhi, unayakalia kesho yake. Unamjua mtu aliyehamia nyumba karibuni, au mwenye watoto wanaomwaga juisi? Mpe namba yangu."

Hapo mfuasi wako ameshamkumbuka shemeji yake. Hakuombwa hela, ameombwa jina tu. Picha iwe moja: mto wa kochi uliooshwa nusu, sebule ya mteja isionekane.

Lakini nafasi mbili ziwe mbili kweli. Ukitangaza "nafasi za mwisho" kila wiki, watakushtukia. Zikijaa, andika zimejaa, kisha unyamaze siku kadhaa. Na aliyekutaja mtumie ujumbe faragha: "Nimetoka kwa shemeji yako, kazi imeisha, asante." Wengi husahau hili, halafu wanashangaa mbona hawatajwi tena.