Mjusi wa Jade: juu kweli hakuna hatari, lakini chini je?

Wadau, hii stratejia ya opsheni za soko la Marekani inayoitwa Mjusi wa Jade watu wanaipigia debe kwamba haina hasara hisa ikipanda. Ni kweli, ila kuna sharti, na wengi hawalisemi.

Puti ni haki ya kuuza hisa kwa bei mliyokubaliana, koli ni haki ya kununua. Ukimuuzia mtu haki hiyo anakulipa ada, halafu wewe ndiye unabeba mzigo. Kontrakti moja ni hisa 100. Tuseme hisa iko dola 50, unaweka hivi, zote za mwezi mmoja:

```
SELL 1 PUT  45   +0.95
SELL 1 CALL 55   +1.00
BUY  1 CALL 56   -0.75
```

Mfukoni inaingia 1.20, yaani dola 120. Sasa angalia zile koli mbili: 55 hadi 56 ni tofauti ya dola 1. Hisa ipae hata mpaka 90, koli uliyonunua inakukinga, hivyo utalipa dola 100 basi. Umepokea 120, unabaki na 20. Siri yote ndiyo hiyo: ada uliyopokea lazima izidi upana wa koli, tena baada ya kutoa kamisheni ya dalali kwa miguu yote mitatu. Ungepokea 0.80 tu, hisa ikipita 56 umeliwa dola 20, na huyo si mjusi tena.

Hisa ikiishia kati ya 45 na 55, dola 120 zote zako. Safi.

Kasheshe iko chini. Ile puti haina kinga yoyote. Hisa ikishuka chini ya 43.80 unaanza kuumia, na kampuni ikitoa matokeo mabaya hisa ikaanguka hadi 30, umepoteza dola 1,380. Kwa kutafuta 120! Ndiyo maana mimi naona mjusi ni wa hisa ambayo hata ukilazimishwa kuinunua kwa 45 hutalia, na hela ya kuinunua unayo.

Halafu kuna mtego wa Ijumaa ya mwisho. Hisa ikifunga 55.50, aliyenunua koli yako ya 55 atadai hisa zake, wakati ile ya 56 imekufa bila thamani. Kinga imeondoka, wewe una deni la hisa 100 wikiendi nzima. Jumatatu ikifungua 62, hasara ni dola 700, toa zile 120, inabaki 580. Hatari ya juu uliyoambiwa haipo imerudi! Kwa hiyo ukiona Ijumaa bei inacheza jirani na 55 au 56, nunua tena koli uliyouza na uuze ile uliyonunua kabla soko halijafungwa. Itakugharimu kama dola 50 hivi, na bado unabaki na faida.