Hodi za Uongo Zinazoziba Seva

Septemba 1996, wateja wa Panix, kampuni ya intaneti ya New York, walijikuta hawapati huduma. Mitambo haikuwa imeharibika, wala hakuna aliyeiba nywila. Seva zilikuwa zimeelemewa na hodi za watu wasiokuwepo.

Muunganisho wa TCP huanza kwa pakiti tatu. Kompyuta yako hutuma SYN, ndiyo hodi. Seva hujibu SYN-ACK, yaani karibu. Kompyuta yako humalizia kwa ACK, mazungumzo yakaanza. Tatizo liko hapo katikati: seva ikishajibu, humwandika mgeni kwenye foleni na kumsubiri. Mshambuliaji hutuma SYN zenye anwani za kughushi. Majibu huenda kusikohusika, ACK hairudi, na nafasi kwenye foleni hubaki imeshikwa.

Tuseme foleni ina nafasi 128. Linux kwa kawaida hurudia jibu lake mara 5, na hukata tamaa baada ya sekunde 63 hivi. Piga hesabu: pakiti 3 kwa sekunde zinatosha kuijaza foleni hiyo na kuiacha imejaa. Hata laini dhaifu ya simu ingeiweza kazi hiyo, na mteja wa kweli akabaki nje.

Mwezi uleule, Daniel J. Bernstein na Eric Schenk walikuja na dawa ya ajabu kidogo: seva isimwandike mtu. Kila SYN-ACK lazima ibebe namba ya kuanzia ya biti 32, na mteja lazima airudishe ikiwa imeongezwa moja. Basi seva huifanya namba hiyo iwe ndiyo kumbukumbu yenyewe. Katika mpango wa Bernstein, biti 5 ni za saa inayosogea kila sekunde 64, na biti 3 ni za ukubwa wa pakiti anaoumudu mteja. Biti 24 zilizobaki hukokotolewa kutokana na anwani na poti za pande zote mbili, saa hiyo, na siri inayojulikana na seva peke yake. Seva hujibu, kisha husahau.

ACK ikifika, seva hutoa moja na kukokotoa upya. Namba zikilingana, inafungua. Aliyeghushi anwani hakuiona namba, kwa hiyo hana cha kurudisha.

Gharama ipo. Biti 3 hubeba chaguo 8 tu za ukubwa, na matakwa mengine ya mteja yanaweza kupotea. Tena seva iliyosahau haiwezi kurudia jibu lililopotea njiani. Ndiyo maana Linux husubiri foleni ijae kwanza, kisha huandika kwenye kumbukumbu zake `Possible SYN flooding on port`. Na kama pakiti ni nyingi kiasi cha kuziba laini yenyewe, mbinu hii haisaidii kitu.

Ukiwa na seva ya Linux, iulize:

```
sysctl net.ipv4.tcp_syncookies
```

Ikijibu 1, kinga iko tayari. Ikijibu 0, iwashe leo.