Dirhamu 3,500 za tangazo, 1,300 za mkononi

Matangazo ya kazi za Dubai yanayozunguka kwenye simu za vijana wa Mombasa na Dar es Salaam hupenda neno moja: "hadi". Mhudumu wa hoteli, hadi dirhamu 3,500 kwa mwezi. Swali la kumuuliza wakala ni hili: ukifika mwezi ambao hakuna wageni, hakuna saa za ziada na bosi amenuna, bado utalipwa ngapi?

Tuchukue mfano wa tangazo kama hilo, wakala akikubali kulichambua. Mshahara wa msingi 1,000. Posho ya chakula 300. Malazi 600, usafiri 200, saa za ziada 900, bonasi 500. Jumla inatimia 3,500, wala hesabu haina kosa. Ila malazi ni kitanda katika chumba cha kampuni, na usafiri ni basi la kampuni. Ni msaada wa kweli, lakini hautumi kitanda nyumbani kwa M-Pesa. Bonasi nayo hutegemea mauzo na hiari ya mwajiri. Fedha taslimu zenye uhakika ni 1,300 tu.

Zile 900 za saa za ziada ndizo zinazochekesha. Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu hukokotoa saa ya ziada kwa mshahara wa msingi, pamoja na nyongeza ya asilimia 25 kwa saa za mchana. Gawanya 1,000 kwa siku 30, kisha kwa saa 8: unapata dirhamu 4.17. Pamoja na nyongeza ni kama 5.20. Ili ufikishe 900 unahitaji zaidi ya saa 170 za ziada kwa mwezi, yaani zaidi ya saa sita kila siku ya kazi. Kwa kawaida sheria hairuhusu kuzidi mbili. Hata ukizifanya zote siku 26, utapata kama 270.

Msingi mdogo hukufuata hadi siku ya kuondoka. Kiinua mgongo, kwa aliyetimiza angalau mwaka mmoja, ni malipo ya siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo. Posho hazimo. Mwenye msingi wa 1,000 huhesabiwa 700 kwa mwaka. Mwenye 2,000 bila posho yoyote huhesabiwa 1,400. Ndiyo maana mwajiri mjanja hupandisha posho na kuuacha msingi chini. (Wafanyakazi wa majumbani wana sheria yao, kwa hiyo hesabu hii si yao.)

Barua ya ajira inayopitia wizara ya kazi ya huko hutenganisha msingi na posho. Idai uisome kabla hujatoa hata shilingi ya vipimo vya afya, na kiasi usichokiona ndani yake usikiwekee bajeti.