Kabla Mashine ya Kuchomelea Haijashuka

Tuchukue mfano wa saiti moja Dodoma, inapojengwa hosteli ya ghorofa moja. Jumatatu asubuhi pikapu inasimama getini ikiwa na mashine ya kuchomelea, mitungi ya gesi na vijana wanne. Wametumwa na kampuni ndogo ambayo mkandarasi mkuu ameipa kazi ya kufunga kenchi za chuma. Msimamizi wa saiti anauliza vyeti.

"Injinia, vyeti vipo ofisini, kesho nakuletea," anajibu mwenye kampuni. "Vijana waanze tu, jua linapanda."

Msimamizi akikubali, mzigo wote umehamia kwa bosi wake. Mwenye hosteli ana mkataba na mkandarasi mkuu peke yake. Hawa wa kenchi hawajui. Cheche ikiruka ukuta na kuunguza stoo ya jirani, jirani na mwenye hosteli watamkamata mkandarasi mkuu. Yeye naye atageuka kumdai mwenye pikapu, na kama hakuna bima, cha kudai ni pikapu yenyewe na mashine yake.

Ndiyo maana kabla ya kazi huombwa karatasi tatu. Ya kwanza ni cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, pamoja na uthibitisho kwamba ada ya mwaka imelipwa. Cheti hicho hutaja aina ya kazi na daraja la kampuni, na vyote viwili visomwe. Kama kazi ingekuwa ya kufunga nyaya za umeme, ingeongezwa leseni ya EWURA ya fundi atakayeifanya. Ya pili ni ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kuonyesha kwamba mwajiri amesajiliwa na anachangia. Ya tatu ni cheti cha bima ya dhima kwa mtu wa tatu.

Wengi hudhani hizi mbili za mwisho ni kitu kimoja. Sivyo. Bima ya dhima humlipa mtu wa nje aliyeharibiwa mali au kuumizwa, na kwa kawaida humwacha kando mfanyakazi wa kampuni yenyewe. Kijana akianguka kutoka kwenye kenchi, fidia yake inatafutwa WCF.

Jumanne vyeti vinaletwa, vina mihuri yote. Msimamizi anakisoma cha bima taratibu. Jina ni la kampuni ileile iliyosaini mkataba, si la kampuni ya mjomba wake. Hapo hakuna shida. Kisha anatazama tarehe: bima ilianza 1 Aprili mwaka jana na inakwisha 31 Machi mwaka huu. Leo ni Machi, kwa hiyo iko hai. Lakini kazi ya kenchi inaanza katikati ya mwezi na ni ya wiki sita. Sehemu kubwa yake itafanyika Aprili, vijana wakiwa juu ya paa bila bima, na cheti cha zamani kikiwa kimetulia kwenye faili.

Kasoro ya pili imejificha kwenye maelezo ya kazi. Cheti kinasema "kutengeneza na kufunga madirisha ya alumini." Kuchomelea chuma juu ya paa ni jambo jingine, na bima nyingi huondoa kazi za moto au huziwekea masharti, kama vile kuwa na kizima moto na mtu wa kulinda cheche. Masharti hayo hayaonekani kwenye cheti, kwa kuwa cheti ni muhtasari tu. Yako ndani ya mkataba wa bima wenyewe, kwa hiyo naye anauomba.

Halafu anapiga simu kampuni ya bima. Hatumii namba iliyoandikwa kwenye cheti, maana anayeghushi muhuri hashindwi kuandika namba ya rafiki yake. Anaitafuta mwenyewe, kisha anauliza mambo matatu: bima hii ipo, malipo yake yamekamilika, na kuchomelea kumo?

Kuchomelea hakumo. Mwenye kampuni ndogo anakwenda kwa wakala wake, analipa nyongeza, anarudi na barua ya marekebisho. Kwenye mkataba wake kinaongezwa kifungu kwamba cheti kipya kitafika kabla ya 31 Machi, la sivyo kazi itasimama na ankra haitalipwa. Tarehe hiyo inaandikwa kwenye kalenda ya ofisi ya saiti, pale msimamizi anapoiona kila asubuhi.

Ijumaa mashine inashushwa. Siku nne zimepotea, na mwenye pikapu amenuna. Lakini kama stoo ya jirani ingeungua Jumatatu ile, bima aliyokuwa nayo ingelipia madirisha ya alumini, na hapakuwa na dirisha hata moja la kufungwa.