Chango Lisilo Chango

Haneti, wilayani Chamwino, kama kwingineko nchini, maumivu ya chini ya kitovu kwa mwanamke yana jina lake: chango. Chango lina mizizi yake ya kuchemsha, lina bibi anayelijua, na lina subira yake. Subira hiyo ndiyo inayonitia hofu. Baadhi ya hayo yanayoitwa chango ni kisonono au klamidia iliyokwisha kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi, na huko siku tatu tu ni nyingi.

Tumchukue dada wa miaka 20, wa mfano tu. Baada ya mavuno mumewe alikwenda kutafuta kibarua mbali, akarudi anatoka usaha na mkojo unamchoma. Akanunua vidonge duka la dawa, akameza peke yake, akapona, akanyamaza. Mkewe hakuhisi chochote, wala si ajabu: wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote, na kisonono nacho hujificha kwa mwanamke kuliko kwa mwanamume.

Vijidudu hukaa kwanza kwenye mlango wa kizazi, ambako ute mzito huvizuia visipande. Siku za hedhi kizuizi hicho hulegea. Kwa dada yetu, maumivu yalianza mara tu baada ya kumaliza mwezi: pande zote mbili juu ya kinena, homa kidogo, na kuumia wakati wa tendo la ndoa. Akaambiwa ni chango.

Mrija una urefu wa sentimita 10 hivi, na penye wembamba zaidi njia yake ni milimita moja au pungufu. Ndani yake kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo husaidia kulisukuma yai kwenda kwenye mji wa mimba. Kisonono huviua vinyweleo hivyo. Klamidia huishi ndani ya seli zenyewe, na kinga ya mwili inapopambana nayo huacha uvimbe, kisha kovu. Kuta zilizochubuka zikigusana, hupona zikiwa zimegandana. Mrija ukibana bila kuziba kabisa, mbegu za kiume hupita lakini mimba hukwama humo, ikatunga nje ya kizazi. Ukiziba pande zote mbili, yai na mbegu havikutani tena.

Mjini Lund, Uswidi, watafiti waliwafuatilia wanawake waliougua mirija kati ya 1960 na 1984. Walioumwa mara moja, 8 katika kila 100 walikuwa wagumba kwa sababu ya mirija. Walioumwa mara mbili walikaribia 20, na mara tatu au zaidi walifika 40. Waliochelewa kutibiwa siku tatu au zaidi tangu maumivu yaanze, hatari ya ugumba au ya mimba kutunga nje ya kizazi ilizidi mara mbili, hasa kwa wenye klamidia. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti walilinganisha Teso na Ankole nchini Uganda: Teso, ambako wanawake walizaa watoto wachache, kisonono kilikuwa kimeenea zaidi.

Mhudumu wa zahanati hahitaji mashine kubwa ili kushuku ugonjwa huu. Hupima kwanza mimba kwa mkojo, kwani mimba iliyotunga nje nayo huuma hivyohivyo na huua. Kisha hubonyeza tumbo, na kwa vidole huusogeza mlango wa kizazi. Mama akishtuka kwa maumivu, tiba huanza siku hiyohiyo: sindano moja ya seftriaksoni, pamoja na vidonge vya doksisaiklini na metronidazoli, asubuhi na jioni, kwa siku 14. Mjamzito hapewi doksisaiklini. Mume naye hutibiwa, hata kama haumwi.

Makosa huingia sehemu mbili. Siku ya tatu maumivu yamepoa, vidonge vinawekwa kando au vinagawiwa kwa jirani. Au mke anamaliza dozi, lakini mume hajatibiwa, na vijidudu vinarudi vilikotoka. Dada yetu aliumwa mara tatu kwa njia hii.

Miaka minne baadaye, hospitalini Dodoma mjini, dawa maalumu inapitishwa kwenye kizazi chake huku picha ya eksirei ikipigwa. Inajaza mji wa mimba, inasimama kulia, inasimama kushoto. Hakuna mzizi wa kuchemsha unaoyeyusha kovu. Dozi ya hospitali nayo huua vijidudu, lakini haifungui kilichokwisha kugandana.

Nyumbani ataitwa mgumba, na mumewe huenda akashauriwa aoe mwingine. Lakini safari ya ugonjwa huu ilianza dukani, siku mwanamume alipolipia dozi ya mtu mmoja kwa ugonjwa wa watu wawili.