Kugawanya kwenye chipu isiyojua kugawanya

Mwaka 1975 kampuni ya Kimarekani ya MOS Technology ilianza kuuza kichakataji kiitwacho 6502 kwa dola 25, wakati washindani wake wakiuza vya kwao kwa mamia ya dola. Urahisi huo ulikuwa na gharama yake. Waundaji walipunguza kila kilichopunguzika, hadi chipu nzima ikabaki na transista 3,500 hivi. Kujumlisha ilijua, kutoa ilijua, kusogeza biti kushoto au kulia ilijua. Amri ya kuzidisha haikuwamo, wala ya kugawanya. Na bado ndiyo iliyoendesha kompyuta za Apple II na BBC Micro, ambazo zilifanya hesabu za kugawanya kutwa kucha.

Zilifanyaje? Jibu la kwanza linalomjia mtu ni kutoa mfululizo. Ukitaka kugawanya 200 kwa 7, toa 7, toa tena, hesabu umetoa mara ngapi hadi kinachobaki kiwe kidogo kuliko 7. Utatoa mara 28 na kubaki na 4. Jibu ni sahihi, ila muda wake hautabiriki: 255 kugawanya kwa 1 ni kutoa mara 255. Kwa namba za biti 16, kugawanya 65,535 kwa 1 ni kutoa mara 65,535, na kwenye chipu inayopiga mapigo milioni moja kwa sekunde, kazi hiyo inapita sekunde nzima. Mchezaji wa gemu hawezi kusubiri hivyo kila alama zake zinapobadilika.

Njia bora ni ileile ya darasani, ya kushusha tarakimu mojamoja kuanzia kushoto. Shuleni, kila ukishusha tarakimu unajiuliza kigawanyi kinaingia mara ngapi, na jibu laweza kuwa lolote kuanzia 0 hadi 9. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama, kwa sababu inabidi kukisia. Kwenye namba za binari, zenye 0 na 1 tu, swali hilo linakuwa jepesi mno. Kigawanyi kinaingia mara moja au hakiingii kabisa. Kikiingia, toa na uandike 1. Kisipoingia, andika 0. Hakuna kukisia wala jedwali la kukariri.

Tuifanye ile 200 kwa 7. Kwa binari, 200 ni 11001000. Tunaanza na baki 0. Kila hatua tunasogeza baki kushoto nafasi moja, yaani tunaizidisha kwa 2, kisha tunashusha biti inayofuata na kuiongeza. Biti ya kwanza ni 1, baki inakuwa 1. 7 haiingii, andika 0. Ya pili ni 1, baki inakuwa 3, andika 0. Ya tatu ni 0, baki inakuwa 6, andika 0. Ya nne ni 0, baki inakuwa 12: sasa 7 inaingia, tunaitoa, inabaki 5, andika 1. Ya tano ni 1, 5 inageuka 11, tunatoa, inabaki 4, andika 1. Ya sita inatupa 8, tunatoa, inabaki 1, andika 1. Mbili za mwisho zinatupa 2, kisha 4, na 7 haiingii, kwa hiyo tunaandika 0 mara mbili. Tulichoandika ni 00011100, ambayo ni 28, na baki ni 4. Hatua nane kwa biti nane, hata kama kigawanyi kingekuwa 1.

Kwa lugha ya asembli ya 6502, kazi yote hiyo ni mistari kumi. `N` ni namba inayogawanywa, `D` ni kigawanyi, na rejista A inashika baki:

```
     LDA #0
     LDX #8
     ASL N
L1:  ROL A
     CMP D
     BCC L2
     SBC D
L2:  ROL N
     DEX
     BNE L1
```

Uzuri wake, kwa macho yangu, uko kwenye `N`. Kila ikisogezwa kushoto, biti yake ya juu inatoka kwenda kwenye baki, na nafasi tupu inafunguka upande wa kulia. Biti ya jibu inaingia hapohapo. Kadiri namba ya zamani inavyotoka, jibu linajaa nyuma yake, na mwisho `N` yenyewe ndiyo jibu. Hakuna kumbukumbu ya ziada iliyotumika. `N` na `D` zikikaa ndani ya baiti 256 za mwanzo za kumbukumbu, utaratibu wote unachukua baiti 18, na hesabu yetu ya 200 kwa 7 inamalizika kwa mapigo 158.

Kiungo cha kila kitu ni biti ndogo iitwayo C. Amri ya `CMP` inalinganisha baki na kigawanyi. Baki ikitosha, C inakuwa 1, isipotosha inakuwa 0. Hiyo ndiyo biti ya jibu, tayari imepikwa, na `ROL N` inaimeza bila kuulizwa.

Hapa ndipo wengi wanaohamisha utaratibu huu kwenda chipu nyingine hujikwaa. Kwenye ATmega328P, chipu iliyo kwenye bodi za Arduino Uno, ambayo inajua kuzidisha lakini haijui kugawanya, C ina maana ya kinyume: ni 1 pale ambapo kutoa kungelazimu kukopa. Jibu basi linajengeka likiwa limegeuzwa, na lazima mwishoni zile biti nane zipinduliwe. Ukisahau, 200 kwa 7 itakupa 227 na baki 4. Dalili yake haifichiki: baki ni sahihi, na jibu ulilopata ukilijumlisha na jibu la kweli unapata 255.

Kosa la pili ni la siri zaidi. Mistari ile kumi haina tatizo kwa namba za biti nane, lakini ukiongeza duru hadi 16 ili ugawanye namba kubwa kwa kigawanyi cha baiti moja, baki inaweza kufurika. Chukua 398 kwa 200. Kabla ya hatua ya mwisho baki ni 199. Ikisogezwa inakuwa 398, ambayo haitoshi kwenye biti nane, na A inabaki na 142. `CMP` inaona 142 ni ndogo kuliko 200, na unajibiwa 0 baki 142, badala ya 1 baki 198. Vigawanyi visivyozidi 128 havina shida hiyo, ndiyo maana kosa hukaa muda mrefu bila kugunduliwa. Dawa ni kutazama C mara tu baada ya `ROL A`: ikiwa 1, toa bila kulinganisha, kisha irudishe C kuwa 1 kwa `SEC`.

Kugawanya kwa sifuri nako hakutoi onyo lolote. Sifuri "inaingia" kila hatua, jibu linakuwa 255, na baki ni namba uliyoanza nayo. Kwa hiyo ukiandika utaratibu wako mwenyewe, kagua kigawanyi kabla ya kuanza, na usiridhike kwa kuujaribu na 10 kwa 2. Upe 255 kwa 1, kisha 1 kwa 255, na kama ni wa biti 16, upe pia 398 kwa 200.