Mkopo Unaokatwa Kwenye Mauzo

Akina mama wafanyabiashara, tuchukue mfano wa duka la mchele hapa kwetu Ifakara. Mwenye duka anapewa sh. 1,000,000 kwa kizidisho cha 1.2, yaani atarudisha sh. 1,200,000. Kila siku inakatwa asilimia 10 ya mauzo. Akiuza sh. 100,000 zinakwenda sh. 10,000, naye anamaliza baada ya siku 120.

Wengi wetu tungesema riba ni asilimia 20. Lakini deni linapungua kila siku, hivyo kwa wastani anakaa na karibu nusu tu ya ile milioni, tena kwa miezi minne. Tukikokotoa kwa mwaka, gharama inazidi asilimia 110.

Mpunga ukivunwa, mauzo yakafika sh. 200,000 kwa siku, deni linakwisha kwa siku 60. Hata hivyo ile ziada ya sh. 200,000 haipungui, kwa hiyo gharama ya mwaka inakuwa karibu maradufu! Anayewahi kulipa hapati nafuu, isipokuwa mkataba useme hivyo.

Tena kinachokatwa ni mauzo, si faida. Kama kila sh. 100 inampa faida ya sh. 8, faida yote inakwenda na sh. 2 zinatoka kwenye mtaji. Fedha ya unga na ada za watoto nayo itatoka humo humo.